Barua kwa patro: kuomba kazi ipangwe vizuri bila kufunua siri ya ugonjwa

Dada mmoja wa kikundi chetu alinifikia Jumamosi moja, hapa Bukavu, na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko. Ilikuwa barua ya muganga kwa direkta wake, na Jumatatu alipaswa kuitoa kazini. Akaniambia: «Mama, unisomee kwanza. Kifaransa chake ni cha juu, na sitaki kupeleka kitu nisichokijua.»

Nilimsomea polepole, huku nikigeuza kila mstari kwa Kiswahili. Nilipofika katikati alinyamaza. Kisha akasema: «Nikipeleka hii, mbele ya juma kuisha biro yote itaniita mwenda wazimu.»

Barua haikuandikwa kwa ubaya. Muganga alitaka kumsaidia. Lakini ilisema mambo ambayo direkta hakuyahitaji, na ilisahau yale aliyoyahitaji. Ndiyo maana juma hili tunaongea juu ya barua ya namna hii: inaandikwaje, nani aitie sahihi, na siri inavujia wapi. Jina la dada huyu hatuliandiki, na mambo machache ya kazi yake tumeyageuza, juu Bukavu ni mji wa watu wanaojuana.

Kwanza tujue alikuwa na nini. Dada huyu ni karani katika depo ya bidhaa. Anaandika fakture, anahesabu stoki, anapokea telefone za wateja. Alikuwa na miezi nane ya wasiwasi usiotulia. Asubuhi aliogopa watoto wasigongwe na moto njiani. Saa nne aliogopa kwamba fakture ya jana ilikuwa na kosa. Saa sita aliwaza pesa ya nyumba, saa tisa mama yake aliye kijijini, na usiku yote yakarudi pamoja. Mabega yalikaza kama kamba, tumbo lilimsumbua, usingizi ulikatika saa nane ya usiku na haukurudi tena. Alikuwa anakasirikia watoto kwa neno dogo, kisha analia.

Mtu atasema: hapa kwetu nani hana wasiwasi? Ni kweli, na hofu yenye sababu si ugonjwa. Mtu anayesikia risasi na kuogopa ana akili nzuri. Ugonjwa huu ni wa namna nyingine. Wasiwasi unaruka toka jambo moja mpaka lingine, unakuja karibu kila siku kwa miezi mingi, na mwenyewe anajua kwamba umepita kipimo lakini hawezi kuuzima. Unaleta uchovu, kukaza kwa mwili, kukosa usingizi, na kichwa kisichoshika neno. Waganga wanauita ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, kwa kuwa haushiki jambo moja tu. Wengi wanahesabu miezi sita kabla ya kuutaja hivyo, na kwanza wanapima damu na tezi ya shingoni, maana tezi ikizidisha kazi inaleta mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mfano huohuo. Dawa zipo, na mazungumzo ya matibabu yapo, lakini yote yanahitaji majuma kadhaa mbele mtu asikie tofauti. Na katika majuma hayo mtu anaendelea kuamka na kwenda kazini. Barua ni ya majuma hayo.

Barua ya kwanza ilisema hivi, kwa kifupi: ninathibitisha kwamba Bibi fulani anafuatwa kwetu kwa ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, anakunywa dawa fulani, miligramu hamsini kila siku, hawezi kazi yenye mkazo, tunaomba mumhurumie na mumpe kazi nyepesi. Chini, sahihi na kashe. Pembeni, karatasi ya dawa imeshikwa na pini.

Tuitazame. Jina la ugonjwa limetajwa, na dawa imetajwa. Kama jina la ugonjwa lingefutwa na dawa ikabaki, ingekuwa sawa na bure: mtu yeyote mwenye telefone anatafuta jina la dawa na dakika moja tu anajua ni ya nini. Kisha kuna neno «hawezi». Kanuni ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwajiri asivunje kontra isiyo na muda bila sababu halali, na kati ya sababu hizo kuna uwezo wa mfanyakazi na mwenendo wake kazini. Basi muganga akiandika «hawezi» bila kusema hawezi nini, kwa muda gani, na anaweza nini, amempa patro sababu mkononi, hata kama patro hakuitafuta. Na mwisho kuna «kazi nyepesi». Direkta atafanya nini na maneno hayo? Kazi nyepesi ndani ya depo ni ipi? Pengine atamtoa kwenye fakture na kumpa kufagia, na mshahara utafuata.

Barua ilikuwa na siri nyingi na kazi kidogo. Inafaa kuwa kinyume. Patro hana haja ya kujua mwili wa mtu una nini. Ana haja ya kujua kazi ipangwe namna gani, toka siku gani mpaka siku gani, na nani atatazama kama inasaidia.

Tulirudi kwa muganga Jumatatu, mimi na yeye. Alitupokea vizuri, akacheka kidogo, akasema: «Mama, mimi naandika kama ninavyowaandikia waganga wenzangu.» Hapo nilielewa kosa linatoka wapi. Muganga akimwandikia muganga mwingine, anataja ugonjwa na dawa, na huyo mwingine naye ameshikwa na siri ya kazi. Sheria ya adhabu ya nchi yetu inamwadhibu muganga anayetoa siri aliyopewa kwa ajili ya kazi yake. Direkta wa depo hajashikwa na kiapo hicho. Kama kampuni ina muganga wake, huyo anaweza kupewa habari yote, ndani ya bahasha yake peke yake, naye atamwambia direkta yale ya kazi tu. Depo hii haikuwa na muganga wake. Basi barua ilipaswa kuandikwa kwa mtu asiye na kiapo.

Tukaanza upya. Barua za kazi kwetu zinaandikwa kwa Kifaransa, na hiyo pia iliandikwa hivyo, lakini tuliitunga kwanza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kila mstari dada alisema ndiyo au hapana. Ruhusa ya mgonjwa si sahihi tu chini ya karatasi asiyoielewa. Sehemu mbili alizikataa. Muganga alitaka kuandika kwamba halali vizuri juu ya watoto. Akasema hapana, watoto wasiingie. Na alitaka kuomba apunguziwe saa. Akasema hapana tena, mshahara wake unahesabiwa kwa siku. Hii ndiyo barua iliyobaki.

«Bukavu, tarehe …

Kwa Bwana Direkta. Siri, afungue mwenyewe.

Kuhusu: mapendekezo juu ya mpango wa kazi wa Bibi …, namba ya kazi …

Bwana Direkta,

Ninakuandikia kwa ombi na kwa ruhusa ya Bibi …, ambaye mimi ni muganga wake. Ana hali ya afya inayotibiwa. Anaweza kuendelea na kazi yake ya sasa, kwa saa zote za kontra yake. Katika majuma haya ya matibabu uangalifu wake unachoka upesi anapokatizwa mara nyingi, au anapopewa kazi nyingi kwa mara moja bila kujua ipi ni ya kwanza. Ili aendelee kutoa kazi nzuri, ninapendekeza mambo haya kwa majuma nane, kuanzia tarehe …

Kazi za siku apewe asubuhi na shefu mmoja, kwa maandishi, na iandikwe ipi inatangulia. Toka saa mbili mpaka saa nne ya asubuhi aandike fakture bila kupokea telefone za wateja. Saa nyingine azipokee kama kawaida. Kila fakture aikague mara mbili kwa kufuata karatasi ya ukaguzi, kisha aitoe. Zile zinazopita kiasi mtakachopanga, mtu wa pili azitie sahihi. Akiitwa kwa mazungumzo, aambiwe mbele sababu na saa. Apewe mapumziko mawili ya dakika kumi, na nusu ya siku kila majuma mawili kwa matibabu, ambayo yuko tayari kurudisha saa zake. Kila Ijumaa akutane na shefu wake kwa dakika kumi na tano kutazama kazi ya juma.

Baada ya majuma nane ninaomba mkae naye, mtazame nini kimesaidia, nini kiendelee na nini kiachwe.

Sitaji hali yenyewe wala dawa zake, kwa sababu ya siri ya kazi yangu, na kwa kuwa mpango huu hauhitaji habari hizo. Ninaomba barua hii isomwe na wewe na shefu wake tu, na isiwekwe ndani ya faili ambayo watu wengine wanaifungua. Ukiwa na swali juu ya mpango huu, uniandikie. Nitajibu Bibi akiisha kuruhusu.

Pokea, Bwana Direkta, salamu zangu za heshima.»

Inaingia katika ukurasa mmoja. Tazameni jinsi inavyoanza kwa kusema anaweza. Inasema pia tatizo liko wapi, lakini inalisema kwa lugha ya kazi: uangalifu unachoka anapokatizwa. Maneno hayo yangefaa kwa mtu mwenye kichwa kinachouma, au aliyetoka kupasuliwa, au anayelea mtoto mgonjwa usiku. Msomaji hawezi kupima toka hapo ni ugonjwa gani. Hiyo ni alama nzuri ya kujaribia barua: mpe rafiki asiyejua habari aisome, umwulize anafikiri mtu huyu ana nini. Akitaja magonjwa matatu yasiyofanana, barua imefunika. Akitaja moja tu, na ndiyo yenyewe, rudini mezani.

Na haikudanganya. Wengine wanashauri kuandika malaria au tumbo ili watu wanyamaze. Msifanye. Malaria inaisha kwa siku chache, na juma la tatu direkta atauliza malaria gani hii. Zaidi ya hayo, muganga anayeandika ugonjwa usiokuwako anajitia hatarini mbele ya sheria, na mfanyakazi akigunduliwa amekosa ndani ya karatasi moja, karatasi zake zote zitatiliwa mashaka. Kunyamaza juu ya jambo ni haki ya mtu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mmoja. Kunyamaza si uongo.

Sasa kwa nini mapendekezo hayo na si mengine? Hapa muganga alitufundisha kitu ambacho sikukijua. Wasiwasi huu unalishwa na mambo mawili: kutojua kinachokuja, na kukimbia kile unachokiogopa. Shefu akisema toka mlangoni «Uje biro yangu saa tisa», bila neno jingine, mtu mwenye afya anaendelea kuandika. Mwenye ugonjwa huu amekwisha kufukuzwa mara kumi ndani ya kichwa mbele ya saa tisa kufika. Neno moja, «ni juu ya stoki ya sabuni», linaokoa asubuhi nzima, na halimgharimu shefu kitu.

Lakini jambo la pili linaenda upande mwingine. Mimi ningeomba atolewe kabisa kwenye telefone, kwa kuwa ndizo zilizomtetemesha. Muganga alikataa. Kila telefone anayoikimbia, alisema, inamfundisha mwili kwamba telefone ni nyoka. Aandike fakture saa mbili kwa utulivu, kisha apokee telefone. Mpango unaomwondolea mtu kila kitu kinachomtia hofu unaonekana kuwa wa huruma, na juma la kwanza anapumua. Baada ya miezi mitatu hawezi tena kuyarudia.

Vivyo hivyo na ukaguzi. Dada huyu alikuwa anarudia fakture moja mara tano, mara sita, kisha anamwuliza shefu: «Unaona ni sawa?» Shefu anasema ni sawa. Baada ya dakika ishirini anauliza tena. Alikuwa anatoka kazini saa moja ya jioni, wenzake wakitoka saa kumi na moja. Kumjibu kila mara «usiogope, ni sawa» kunatuliza kwa dakika ishirini tu, kisha kunaleta swali lingine. Ndiyo maana barua inasema mara mbili, kwa karatasi, kisha aitoe. Karatasi hiyo waliitunga yeye na shefu: jina la mteja, idadi, bei, jumla, tarehe. Mistari mitano. Ukiisha kuipita mara mbili, mkono unaiachia fakture hata kama moyo unadunda. Na maswali yote ya «nimefanya vizuri?» yanangoja Ijumaa, zile dakika kumi na tano.

Nirudi kwenye siri, maana barua nzuri inaweza kuharibiwa na vitu vilivyo nje yake. Cha kwanza ni kichwa cha karatasi na kashe. Hapa Bukavu kila mtu anajua SOSAME inatunza magonjwa gani. Wanafanya kazi kubwa na wengi wetu tuna ndugu waliopona pale. Lakini barua yenye jina lile juu imekwisha kutaja ugonjwa mbele ya mstari wa kwanza kusomwa. Kashe yenye neno la magonjwa ya akili inafanya vilevile. Kama mtu anafuatwa pia na muganga wa kawaida wa kituo cha afya cha karibu, huyo anaweza kutia sahihi, mradi anamjua mgonjwa kweli na wamepatana na muganga wa kule. Dada wetu alikuwa na bahati: aliyemtibu ni muganga wa magonjwa yote.

Cha pili ni fakture ya matibabu. Hiki wengi wanakisahau. Kanuni ya Kazi inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi na jamaa lake wanapougua, basi kampuni nyingi zinapokea fakture toka hospitali kila mwezi. Fakture ile inapita kwa sekretari, kwa kontable, pengine kwa kijana anayepeleka makaratasi. Kama imeandikwa jina, siku, aina ya muganga na jina la kila dawa, barua yenu ya siri haina maana tena. Ombeni ofisi ya malipo ya hospitali iandike namba ya kazi, «kuonana na muganga» na «dawa», pamoja na jumla ya pesa. Orodha ndefu ibaki hospitalini au iende kwa muganga wa kampuni ikiwa yupo. Iombwe mapema, mbele fakture haijatumwa. Mahali ambapo kontable anakataa fakture fupi, wengine wanachagua kujilipia dawa wenyewe. Ni mzigo, na kila mmoja apime na mfuko wake.

Cha tatu ni telefone. Msipige picha ya barua na kuituma kwa shefu. Picha inaingia ndani ya kikundi cha kazi kwa kidole kimoja kilichokosea, na hairudi. Barua ipelekwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Andikeni kwenye karatasi ndogo ya pembeni: «Bahasha moja ya Bwana Direkta, imepokelewa tarehe …», sekretari atie sahihi juu ya hiyo karatasi ndogo bila kufungua bahasha. Nakala ya barua ibaki nyumbani, na nyingine kwa muganga.

Kisha kuna mdomo wetu wenyewe. Direkta akiisha kusoma, atauliza. Alimwita siku ya pili (bila kumwambia sababu, lakini barua ilikuwa bado mpya) akamwuliza: «Mama, una ugonjwa gani hasa?» Si kwa ukali, ni kama baba anavyouliza. Hapo ndipo wengi wanamwaga yote, kwa heshima au kwa hofu. Tulikuwa tumejizoeza nyumbani kwangu, mimi nikiwa direkta, mara tatu, mpaka tukacheka. Akajibu: «Direkta, ni jambo linalotibiwa, haliambukizi. Muganga ameandika yote yanayogusa kazi. Mengine ninaomba yabaki kwake.» Direkta akasema sawa. Kama angeshikilia, jibu la pili lilikuwa tayari: «Unaweza kumwandikia muganga.»

Yalienda vizuri yote? Hapana. Juma la kwanza shefu, mtu wa moyo mzuri kabisa, alisimama mbele ya wote akasema: «Msimpigie kelele huyu mama asubuhi, ni mgonjwa.» Ilichukua saa moja tu, na wakaanza kuuliza ana nini, ana mimba, ana sida, ana nini. Barua haikuwa imesema shefu awaambie nini wenzake, na hilo lilikuwa kosa letu. Tukaongeza mstari mmoja, ambao sasa ninashauri uwe ndani toka mwanzo: watu wakiuliza, wajibiwe «tumepanga kazi upya ili fakture zitoke mapema». Ni kweli, kwa kuwa fakture zilianza kutoka mapema. Na ili lisionekane limemhusu mmoja, shefu aliwapa makarani wote wawili orodha ya asubuhi kwa maandishi. Mwenzake alifurahi nayo kuliko yeye.

Kosa la pili lilikuwa meza. Direkta, ili kumsaidia, alimhamisha nyuma ya depo, karibu na magunia, peke yake. Hakuna aliyeomba hivyo. Huko nyuma kulikuwa kimya, lakini alianza kusikia wengine wakicheka mbele na kufikiri wanamcheka yeye. Alivumilia siku nne, kisha akamwambia shefu siku ya Ijumaa. Meza ikarudi, ikageuzwa tu upande wa ukuta. Mkutano ule mfupi wa Ijumaa ndio uliosaidia hapo; bila huo angevumilia miezi.

Mtajuaje kama mpango hausaidii? Hesabuni vitu vidogo: anatoka saa ngapi, anarudia fakture mara ngapi, anauliza mara ngapi kabla ya Ijumaa. Kama baada ya majuma manne hesabu haijashuka hata kidogo, arudi kwa muganga, pengine matibabu ndiyo yanayohitaji kubadilishwa na si kazi. Na kama mtu anaanza kusema kwamba afadhali afe, hapo tusingoje juma wala barua. Apelekwe kwa muganga siku ileile, asiachwe peke yake.

Niseme pia mahali ambapo barua haifai. Mama anayefanya kazi ya nyumba kwa mtu, bila kontra, bila shefu mwingine, barua ya muganga inaweza kumtisha patro na kumfungulia mlango wa kutokea. Kwa huyo ni afadhali kuongea kwa mdomo na kuomba kitu kimoja tu, kwa mfano kuambiwa asubuhi kazi za siku nzima. Na kwa mwenye kontra, ajue kwamba barua ni mapendekezo. Patro anaweza kukubali matatu na kukataa mawili. Akikataa yote, au akianza kumtesa juu ya barua, nakala ile na karatasi yenye sahihi ya sekretari ndivyo atakavyobeba kwenda kwa inspekta wa kazi. Lakini wale wanaokwenda huko kwanza, mbele ya kukaa na shefu hata mara moja, mara nyingi wanarudi na adui.

Majuma nane yalipoisha, walikaa watatu: direkta, shefu na yeye. Ilichukua dakika ishirini na tano. Karatasi ya ukaguzi ilibaki, na sasa depo yote inaitumia. Orodha ya asubuhi ilibaki. Sahihi ya mtu wa pili waliiacha, isipokuwa kwa fakture kubwa kabisa. Nusu siku ya matibabu ikawa mara moja kwa mwezi. Saa mbili bila telefone, yeye mwenyewe aliomba ziondolewe, kwa sababu juma la sita alikuwa amekwisha kuanza kuipokea mwenzake akiwa amekwenda kunywa chai.

Jioni hiyo alitoka saa kumi na moja na nusu, akapita kwangu kuchukua nakala yake ya barua ili akaifungie ndani ya sanduku lake.